Boda moja, vituo nane: kupanga ruti ya mizigo Tanga mjini bila softiwea ya kulipia

Vituo nane vya kupeleka mzigo vinaweza kupangwa kwa namna 40,320. Siyo utani, ni kuzidisha tu: kituo cha kwanza unachagua kati ya vinane, cha pili kati ya saba vilivyobaki, cha tatu kati ya sita, unaenda hivyo mpaka mwisho. Wateja wakifika kumi na wawili namna zinakuwa 479,001,600, ndo maana kuna makampuni yanauza softiwea ya kazi hii kwa malipo ya kila mwezi na wanahisabati bado wanaumiza nayo kichwa. Ila mwenye boda moja na vituo chini ya kumi na tano hahitaji kupitia namna zote hizo, kwa sababu nyingi unaziona kabisa hazina akili (nani anatoka Raskazone anaenda Kange halafu anarudi Sahare?) na zile chache zinazobaki unazipata kwa karatasi, simu uliyonayo na kuwajua wateja wako.

Tuchukue mfano tutembee nao mpaka mwisho. Kuna dada anaoka Makorora, boflo, skonzi na keki za oda, ana kijana wa boda mwenye kreti mbili nyuma, na asubuhi ana vituo nane: mgahawa Ngamiani barabara ya 12, kantini moja karibu na Bombo, nyumba ya mteja Raskazone, duka Sahare, duka Chumbageni, duka Mabawa, duka Duga, na boksi la keki la kwenda kuwekwa kwenye basi stendi ya Kange. Dakika nitakazotaja ni za mfano, zako utazipima mwenyewe na hapo chini nitasema vipi.

Oda zimeingia WhatsApp usiku kwa mpangilio wake zenyewe, kwanza Raskazone, halafu Kange, Ngamiani, Sahare, Mabawa, Bombo, Duga, Chumbageni. Kijana akifuata listi ile ile kama ilivyoingia, na wengi wanafuata hivyo hivyo kwa sababu ndo listi iliyopo kwenye simu, basi njiani peke yake anakaa dakika 117 ukijumlisha na kurudi Makorora. Kutoka Raskazone mpaka Kange tu dakika 20, akitoka Kange anarudi Ngamiani 13, akitoka Ngamiani anaenda Sahare 12, yaani mji anaukata mwisho hadi mwisho kila saa, na mafuta ndo yanaenda hivyo.

Sasa kabla hujagusa ramani chukua ile listi uandike kitu kimoja mbele ya kila jina: saa. Siyo kila mteja ana saa. Duka la Sahare likiletewa mikate saa moja au saa mbili ni sawa tu, la Chumbageni vilevile, Mabawa na Duga hawana neno. Ila mgahawa wa barabara ya 12 unataka mikate kabla ya saa 1 asubuhi maana watu wa chai washakaa, kantini ya Bombo mwisho saa 1:30, nyumba ya Raskazone geti halifunguliwi kabla ya saa 1, na boksi la Kange lazima liwe stendi saa 2:30 kwa sababu basi linaondoka saa 3 na kondakta haweki mzigo dakika ya mwisho. Kwa hiyo kati ya vituo nane wenye saa ni wanne tu, na kati ya hao watatu ni wa "kabla ya" na mmoja ni wa "baada ya". Hao wanne ndo mifupa ya ruti. Wale wengine wanne unawajaza katikati popote itakapokuwa rahisi.

Hapa kuna watu wanajidanganya, wanaandika saa kwa kila mteja, eti wa Duga saa 1:45, wa Mabawa saa 1:30, wakati mteja mwenyewe hajawahi kudai saa yoyote. Ukijifunga hivyo ruti inakuwa haipangiki. Muulize mteja swali moja tu, "mwisho wa kupokea saa ngapi?", akikwambia "wakati wowote asubuhi" muandike hivyo hivyo.

Baada ya hapo ndo karatasi. Chora Tanga yako kwa mkono, haihitaji kuwa nzuri, weka bahari juu, weka Raskazone na Sahare upande wa mashariki, weka reli, weka Ngamiani na barabara zake za namba, weka barabara ya kwenda Segera inayokupeleka Kange. Weka nukta nane na nukta ya nyumbani. Ukishaziona zimekaa kwenye karatasi utagundua zimejigawa zenyewe makundi mawili, kundi la mashariki lina Bombo, Raskazone, Sahare na Chumbageni, kundi la magharibi lina Mabawa, Duga na Kange, na Ngamiani ipo mlangoni pa nyumbani. Sheria ya kwanza basi: ukiingia kundi limalize, usitoke ukarudi. Hiyo peke yake inafuta karibu upuuzi wote wa ile listi ya WhatsApp.

Ndani ya kundi wengi wanatumia njia ya "anayefuata ni aliye karibu", yaani ukiwa hapa unamwendea aliye karibu kuliko wote, ukimaliza unamtafuta tena aliye karibu. Ni njia nzuri ya kuanzia na inachukua dakika moja kichwani, ila ina mtego wake na mtego wenyewe ni kwamba inaacha mtu nyuma. Angalia hapa. Kijana yupo Raskazone, Chumbageni ni dakika 6, Sahare ni dakika 7. Aliye karibu ni Chumbageni, anaenda. Ila Sahare bado, kwa hiyo kutoka Chumbageni anaenda Sahare dakika 8, na kutoka Sahare kwenda Mabawa dakika 15 kwa sababu anarudi kulekule alikotoka. Jumla 6 na 8 na 15, dakika 29. Angekubali kupoteza dakika moja mwanzoni, Raskazone kwenda Sahare 7, Sahare kwenda Chumbageni 8, Chumbageni kwenda Mabawa 9, ingekuwa 24. Dakika tano zimeliwa na kile kituo kilichoonekana kiko karibu.

Namna ya kuukamata huu mtego bila hesabu ni kuchora. Chora mstari kutoka kituo hadi kituo kwa mpangilio ulioupanga halafu uangalie kama mstari unajikata wenyewe au unapita mahali pamoja mara mbili. Ukijikata, hapo pana kitu cha kunyoosha: chukua kile kipande cha ruti kilicho katikati ya msalaba ukigeuze kichwa chini miguu juu, aliyekuwa wa kwanza awe wa mwisho, halafu chora tena. Kwenye karatasi tambarare ruti fupi kuliko zote haijikati hata siku moja, hilo limethibitishwa kihesabu, na ufundi wa kugeuza vipande hivi upo kwenye maandishi ya wataalamu tangu mwaka 1958, aliuandika mtu anaitwa Croes. Softiwea nyingi za kulipia ndani yake zinafanya mchezo huu huu, ila zinaufanya maelfu ya mara kwa sekunde. Wewe kwa vituo nane utaufanya mara mbili tatu umemaliza. Mjini bwana haiwi asilimia mia, maana barabara haziendi moja kwa moja na reli huvuki popote unapotaka, kwa hiyo msalaba kwenye karatasi uchukulie kama kengele ya kuangalia tena, ukikuta kuna sababu ya barabara uache.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho binafsi naona ndo kiini cha mambo yote haya na watu hawakisemi. Ruti ya kuzunguka na kurudi nyumbani ina mielekeo miwili, unaweza kuanza mashariki ukamalizia magharibi au kinyume chake, na urefu ni karibu ule ule. Kwenye mfano wetu: Makorora, Ngamiani, Bombo, Raskazone, Sahare, Chumbageni, Mabawa, Duga, Kange, nyumbani. Dakika 5, 8, 4, 7, 8, 9, 5, 8, na 12 za kurudi. Jumla 66. Ukianzia magharibi: Ngamiani 5, Mabawa 5, Duga 5, Kange 8, halafu kuvuka mji kwenda Chumbageni 15, Bombo 5, Raskazone 4, Sahare 7, kurudi nyumbani 11. Jumla 65.

Hiyo ya pili ni fupi kwa dakika moja. Mtu anayeangalia umbali tu ataichukua hiyo. Sasa weka saa. Kijana anatoka saa 12:15, Ngamiani anafika 12:20 anamaliza 12:30, Mabawa anatoka 12:45, Duga anatoka 12:56, Kange anafika 1:04 anatoka 1:14, Chumbageni anafika 1:29 anatoka 1:36, Bombo anafika saa 1:41. Kantini ilisema mwisho 1:30. Amechelewa dakika kumi na moja, chai ishaanza kumiminwa, mama wa kantini ametuma mtoto akanunue mikate kwingine, na boksi la keki la Kange lilifika karibu saa nzima na nusu kabla halijahitajika likae juani stendi. Dakika moja ya mafuta imemfukuza mteja wa kila siku. Kwa hiyo umbali unakwambia umbo la mzunguko, saa za wateja ndo zinakwambia uuzunguke kwa upande gani. Ukikumbuka mpangilio huo wa kufikiri, umbo kwanza kisha mwelekeo, kazi inakuwa nyepesi sana kuliko kujaribu kufikiria vyote kwa pamoja.

Tukirudi ile ya kuanzia mashariki. Ngamiani 12:20 mpaka 12:30, safi. Bombo 12:38, anakaa robo saa maana pale kuna geti na kuhesabiana, anatoka 12:53, safi. Raskazone anafika 12:57. Geti linafunguliwa saa 1. Dakika tatu, unasema si kitu atasubiri, na kweli anaweza kusubiri, ila ukibadilisha Sahare iwe mbele ya Raskazone (Bombo kwenda Sahare 8, Sahare kwenda Raskazone 7, Raskazone kwenda Chumbageni 6) njia inaongezeka dakika 2 tu na Raskazone anafika 1:15, hata kama mlinzi amechelewa kuamka geti litakuwa wazi. Kusubiri kunakula dakika 3 ukiwa na bahati, kubadilisha kunakula 2 bila kutegemea bahati ya mtu. Mimi ningebadilisha. Anatoka Raskazone 1:20, Chumbageni 1:26 mpaka 1:33, Mabawa 1:42 mpaka 1:52, Duga 1:57 mpaka 2:03, Kange saa 2:11. Basi linataka boksi kabla ya 2:30, amebakiza dakika 19 mfukoni. Anatoka Kange 2:21, saa 2:33 yupo nyumbani.

Utaona kwenye hizo saa kuna dakika ambazo siyo za njiani. Ngamiani 10, Bombo 15, Sahare 7, Raskazone 5, Chumbageni 7, Mabawa 10, Duga 6, Kange 10. Zijumlishe, ni 70. Njia ilikuwa 68 baada ya lile badiliko. Yaani kijana anakaa milangoni kwa watu muda mwingi kuliko anaokaa barabarani! Kwa biashara za mjini kwetu, vituo viko karibu karibu, hali ndo iko hivyo mara nyingi, na mtu anakesha anabana dakika mbili za njia huku robo saa inapotea kwenye chenji. "Dada, wa Mabawa hana chenji ya elfu kumi, ananiambia nisubiri atume mtu." Hiyo ndo dakika kumi ya Mabawa. Malipo yakiingia kwa lipa namba kabla kijana hajatoka, au akitoka na noti ndogo ndogo zimeshahesabiwa, Mabawa inakuwa dakika nne. Bombo nako mikate ikipakiwa kwenye mfuko wake umeandikwa idadi kwa maka peni, mtu wa kantini anahesabu mara moja anasaini anaondoka.

Na upakiaji nao uko humu humu. Mzigo wa mwisho kushuka ndo wa kwanza kuingia kwenye kreti, kwa hiyo boksi la Kange chini, juu yake Duga, Mabawa, mpaka Ngamiani anakuwa juu kabisa. Isipokuwa keki haiwezi kukaa chini ya boflo arobaini, kila mtu anajua, kwa hiyo boksi la keki lifungwe peke yake kwenye kreti ya pili na ile kanuni ifuatwe kwa mikate. Kama kijana anafika mlango wa pili tu anaanza kutoa mifuko yote na kuirudisha, ujue ruti uliyopanga na upakiaji haviongei lugha moja.

Hizo dakika unazipata vipi bila kununua kitu? WhatsApp. Mwambie kijana kwa wiki moja akifika kituo atume jina la kituo, akitoka atume "natoka". Basi. Simu inaweka saa yenyewe pembeni ya kila meseji, jioni unakaa na kalamu unatoa: kutoka "natoka" ya Ngamiani mpaka "Bombo" ndo dakika za njia, kutoka "Bombo" mpaka "natoka" ndo dakika za mlangoni. Chukua ile ya katikati, siyo ile siku nzuri kuliko zote. Dakika hizi zina ukweli kuliko za Google Maps kwa boda, maana zile zinazoonyeshwa kwa gari hazijui kwamba boda inapenya pale Ngamiani ambapo gari inasubiri, na hazijui kabisa habari ya geti la Bombo.

Google Maps yenyewe ina kazi yake lakini watu wanaitegemea kwa kitu isichofanya. Ukibonyeza `Add stop` unaweza kuweka vituo mpaka tisa baada ya pale unapoanzia, na kwenye mfano wetu inatosha kabisa, vinane vya wateja na cha tisa nyumbani. Ila haikupangii. Itakupeleka kwa mpangilio ule ule ulioweka wewe, hata kama ni wa kijinga, na kuubadilisha unavuta kituo kwa kidole juu au chini huku unaangalia jumla ya dakika inavyopanda na kushuka. Mimi naitumia baada ya karatasi: nimeshapanga, naingiza, navuta kimoja kimoja kuona kama kuna badiliko linaloshusha dakika, halafu nashea njia kwa kijana kwenye WhatsApp. Ukizidi vituo tisa igawe ruti vipande viwili, kipande cha kwanza kiishie pale cha pili kinapoanzia.

Ukitaka kitu cha bure kinachopanga chenyewe, kuna OsmAnd. Ni ya ramani za OpenStreetMap, unadaunlodi ramani mara moja inafanya kazi bila bando, unaweka vituo vyako vyote kisha unachagua `Sort door-to-door` inavipanga upya, cha kwanza na cha mwisho vinabaki palepale. Nzuri kwa kuanzia. Ila haijui habari ya saa hata kidogo, haijui kantini wala basi la saa 3, kwa hiyo inaweza kukuletea ile ruti ya 65 kwa furaha kabisa na wewe ndo ugundue kwamba imeenda kinyume. Umbo ichukue kutoka kwake, mwelekeo amua mwenyewe.

Kuhusu lokesheni za wateja kuna jambo moja la kuangalia sana. Mteja mpya anakwambia "nakutumia lokesheni", anatuma, kijana anaifuata anajikuta nje ya ofisi moja mjini. Mteja alikuwa kazini wakati anatuma! WhatsApp inatuma mahali simu ilipo wakati ule, siyo mahali mteja anapokaa, kwa hiyo muombe aitume akiwa mlangoni kwake na umuongezee swali la alama, karibu na msikiti gani, duka gani, mti gani. Ikifika na kijana akaipata nyumba kweli, aisevu kwa jina la mteja. Baada ya mwezi una ramani yako ya wateja ambayo hakuna kampuni inakuuzia.

Sasa saa 12 kasoro, usiku haujaisha vizuri, kreti zinafungwa, simu inalia. Duka jipya Nguvumali linataka boflo ishirini leo hii. Usianze kupanga upya. Angalia kila pengo kati ya vituo viwili na ujiulize likiingia hapa litaongeza nini: dakika za kwenda, jumlisha za kutoka, toa zile za zamani. Kati ya Chumbageni na Mabawa: Chumbageni kwenda Nguvumali 7, Nguvumali kwenda Mabawa 4, toa 9 ya zamani, ongezeko ni 2. Kati ya Mabawa na Duga: 4 na 7 toa 5, ongezeko ni 6. Ya kwanza ndo nafuu. Lakini bado hujamaliza, jumlisha dakika za mlangoni, tuseme 7, kwa hiyo kila kilicho mbele ya hapo kinasogea dakika 9, na Kange inatoka 2:11 inakuwa 2:20. Mwisho 2:30. Inapita, zimebaki dakika kumi. Kwa hiyo unamwambia ndiyo. Akipiga wa pili tena naye anataka leo, wa Mikanjuni sijui, jibu ni "kaka leo nitakuletea baada ya saa tatu", kijana anapita kwake baada ya kurudi Makorora, maana zile dakika kumi ni za mvua, za pancha, za foleni ya malori barabara ya Segera, na ukiziuza nazo utakuja kuzihitaji.

Ndo faida kubwa ya kujua una dakika ngapi mfukoni kabla ya saa ya lazima, unaweza kusema ndiyo na hapana kwa hesabu, siyo kwa aibu. Wengi wetu mteja akibembeleza tunasema "sawa sawa inakuja" na gharama inalipwa na mteja mwingine kabisa aliye mwisho wa ruti ambaye hakubembeleza mtu. Kama kuna siku za wiki ambazo Kange haina boksi, siku hizo mfuko wako ni mpana na unaweza kuchukua oda za ghafla mpaka mbili tatu, kwa hiyo hata matangazo ya status yapangie siku hizo.

Ikifika mahali kila siku unamaliza dakika za mfukoni mpaka sifuri, au mtu wa Pongwe ameanza kuagiza kila asubuhi (Pongwe iko mbele ya Kange kwenye njia ile ile ya Segera, na kwenda na kurudi inakula muda ambao ungehudumia maduka matatu ya mjini), hapo tatizo siyo la mpangilio tena, ni la boda moja. Hakuna namna ya kupanga inayotengeneza dakika ambazo hazipo. Kugawa kwa boda mbili nako usigawe kwa idadi, eti wanne wanne. Kaa na ile karatasi yako, weka rula kwenye nukta ya nyumbani uizungushe kama mkono wa saa, ikigusa kituo mpe boda ya kwanza, endelea mpaka dakika zake (za njia na za mlangoni pamoja) zijae, wanaofuata wote ni wa boda ya pili. Kwetu hapa ingeangukia vizuri: mmoja mashariki na Ngamiani, mwingine Mabawa, Duga, Kange na huyo wa Pongwe, na huyu wa pili anaweza kutoka saa 1 badala ya alfajiri maana hana wa chai.